Pua Yako Haina Kosa

Alikuja dukani asubuhi, simu mkononi, akasubiri wateja wawili wa fotokopi waondoke ndipo akasema. "Kaka, naomba unipunguzie pua kidogo. Na hapa chini ya macho nitolee huu weusi." Picha ilikuwa selfi aliyojipiga usiku uliopita, ameketi kitandani, taa ya dari ikiwaka juu ya kichwa chake. Alitaka kuiambatisha kwenye maombi ya kazi, na mwisho wa kutuma ulikuwa siku hiyohiyo saa kumi jioni.

Nimekuwa nikisafisha na kuchapisha picha hapa Ngamiani, Tanga, kwa miaka tisa, na ombi la pua nalipata karibu kila wiki. Siku hiyo niliinua macho kutoka kwenye skrini nikamtazama mwenyewe. Pua ya kwenye simu haikuwa pua iliyosimama mbele yangu. Ya kwenye simu ilikuwa pana na imetokeza, masikio yamerudi nyuma mpaka hayaonekani vizuri, paji la uso limevimba kama limejazwa upepo. Dada mwenyewe alikuwa na pua inayolingana kabisa na uso wake. Na chini ya macho yake hapakuwa na weusi wowote. Kilichokuwa pale ni kivuli cha taa.

Ningeweza kuibana pua ile kwenye Photoshop, na zamani ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Tatizo ni kwamba ukiibana pua umebana pua peke yake. Paji linabaki limevimba, kidevu kinabaki kimechongoka, masikio hayarudi yalikokuwa. Unahangaika saa nzima na mwishowe unampa mteja sura ya ndugu yake, si yake. Kwa hiyo nilimwomba tutoke mlango wa nyuma, unaofunguka kwenye uchochoro wenye kivuli. Nikamsimamisha ndani ya mlango akitazama nje, nikarudi nyuma hatua mbili ndefu, nikampiga picha nne. Aliyoichagua niliikata pembeni, nikatoa uzi uliokuwa kwenye kola, nikamtumia. Kazi ya kompyuta ilichukua dakika tatu.

Karibu kila kitu ninacholipwa kukifuta kwenye nyuso za watu kimeletwa na mambo mawili yaliyotokea kabla kidole hakijagusa kitufe: simu ilikuwa karibu mno, au mwanga ulitoka mahali pabaya. Na yote mawili, bahati mbaya, ndiyo magumu kuliko yote kuyarekebisha baadaye.

Umbali

Weka kiganja chako mbele ya jicho moja, karibu kabisa, kitaziba mlango mzima. Kinyooshe mkono, mlango unarudi. Kiganja hakikubadilika, kilichobadilika ni umbali wake ukilinganishwa na umbali wa mlango. Uso nao una vitu vya karibu na vya mbali. Kwa mtu mzima, kutoka ncha ya pua hadi usawa wa masikio ni kama sentimita 12.

Sasa piga hesabu. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yako umbali wa sentimita 42. Gawa 42 kwa 30, unapata 1.4, yaani pua inachorwa kwa ukubwa unaozidi ule wa masikio kwa asilimia 40. Nyoosha mkono simu ifike sentimita 60, tofauti inashuka hadi asilimia 20. Rudisha simu mita moja na nusu, tofauti inabaki asilimia 8 tu, na hapo ndipo uso unapofanana na ule ambao watu wanauona wanapozungumza nawe sebuleni.

Hesabu hii ilifanywa kwa undani zaidi Marekani mwaka 2018. Boris Paskhover, daktari wa upasuaji wa uso wa Chuo Kikuu cha Rutgers, alikuwa akipokea wagonjwa wanaomwonyesha selfi zao na kuomba wapunguzwe pua. Yeye na wenzake walitengeneza kielelezo cha kihesabu cha uso na kukuta kwamba picha ya sentimita 30 inaufanya upana wa pua uonekane umezidi kwa takriban asilimia 30, wakati picha ya mita moja na nusu haiongezi kitu kinachoonekana. Watu walikuwa tayari kupasuliwa kwa sababu ya urefu wa mkono wao.

Wengi hulaumu lenzi ya simu, lakini lenzi inahusika kwa njia ya pembeni tu. Kamera ya mbele ya simu huona eneo pana, hivyo ukiinyoosha mbali uso unaonekana mdogo na dari, kabati na kamba ya nguo vyote vinaingia. Ndipo unapoivuta karibu ili uso ujae, na kule kuivuta ndiko kunakoharibu. Ukitaka kuthibitisha, simama mahali pamoja, piga picha moja ya kawaida na nyingine kwa kitufe cha 2x, kisha ikate ile ya kawaida mpaka uso uwe mkubwa sawa na wa pili. Sura itakuwa ileile. Mbele ya uso, umbali ndio unaochora.

Kwa hiyo tabia ya kwanza ni kuiacha simu mbali na kuacha nafasi kuzunguka uso, halafu kukata baadaye. Watu huogopa kukata wakidhani picha itapoteza ubora. Simu ya kawaida leo inatoa picha ya pikseli milioni 12, yaani kama 4000 kwa 3000. Ukikata ukabakiza nusu ya urefu na nusu ya upana, unabaki na 2000 kwa 1500. Picha ya kuchapisha ya sentimita 10 kwa 15, ile ya kawaida ya albamu, inahitaji 1800 kwa 1200 ili itoke safi. Bado una akiba. Angalizo moja tu: kamera ya mbele ya simu nyingi za bei nafuu ni dhaifu kuliko ya nyuma, kwa hiyo penye nafasi tumia ya nyuma. Isimamishe simu kwenye rundo la vitabu au iegemeze kwenye chupa ya maji, usawa wa macho yako, weka kipima muda cha sekunde 10, kaa mita moja na nusu au mbili, tumia 2x kama ipo. Usawa wa macho una maana yake. Simu ikiwa chini, matundu ya pua na kidevu ndivyo vinavyokuwa karibu, na ile hesabu inaanza upya kutokea chini.

Kwenye picha ya familia umbali unaharibu kwa njia nyingine, na hapa sipunguzi pua ya mtu mmoja tena, nahangaika na watu kumi. Ukisimama mita moja na nusu kutoka mstari wa mbele, na mstari wa nyuma uko mita moja zaidi, watoto waliokaa mbele watakuwa na vichwa vikubwa kuliko vya baba zao. Rudi nyuma mpaka mita nne. Sasa tofauti ni ya nne kwa tano, jicho linaikubali. Zaidi ya hapo, lenzi pana huvuta vitu vilivyo ukingoni mwa fremu. Ndiyo maana shangazi aliyesimama pembeni kabisa hutoka amenenepa upande mmoja, bega limevutwa kama ulimbo, na yeye ndiye anayenipigia simu. Hili la ukingoni kweli ni kosa la lenzi, lakini dawa yake ni ileile. Rudi nyuma, acha nafasi ya mtu mmoja mtupu kila upande, kata baadaye.

Dirisha

Turudi kwenye weusi wa chini ya macho. Taa ya dari iko juu, na macho yako ndani ya mashimo yenye nyusi kama paa. Mwanga ukitoka juu, paa linaweka kivuli. Jua la saa sita mchana hufanya hivyohivyo, na kwetu karibu na ikweta jua hilo linasimama juu ya utosi kuliko wanavyolijua watu wa Ulaya wanaoandika vitabu vya kupiga picha. Kivuli hicho si rangi ya ngozi, kwa hiyo ukikifuta kwenye kompyuta unalainisha pia umbo la jicho, na uso unakuwa bapa kama sahani.

Dirisha linatoa mwanga kutoka ubavuni, usawa wa uso, nao unaingia chini ya paa la nyusi. Lakini faida yake kubwa ni nyingine, nayo ni ukubwa. Mwanga mkali na mwanga laini havitofautishwi na nguvu. Vinatofautishwa na jinsi chanzo kinavyoonekana kikubwa kutoka pale uso ulipo. Balbu ni nukta. Mwanga wake unatoka sehemu moja, kwa hiyo kila chunusi inapata kivuli chake chenye ukingo mkali, na kila tone la jasho au mafuta ya kujipaka linang'aa kama kioo. Dirisha la upana wa mita moja na robo, ukiwa umekaa mita moja kutoka kwake, ni kubwa kama ukuta. Mwanga wa upande wake wa kushoto unajaza vivuli vinavyoachwa na upande wa kulia. Chunusi ipo, lakini kivuli chake hakipo, na jicho la mtazamaji linapita bila kusimama. Ukirudi mita nne ndani ya chumba, dirisha lilelile linakuwa dogo machoni pa uso wako, nalo linaanza kufanya kazi kama balbu.

Kuna kipimo ninachokitumia kila mara, hakigharimu kitu. Nyoosha kiganja kimoja mahali uso utakapokuwa, weka kidole cha mkono mwingine juu yake kiasi cha sentimita 10, upande mwanga unakotoka, utazame kivuli. Kikiwa na ukingo uliokatwa kama kwa wembe, ngozi itaonyesha kila kitu na utakuwa na kazi baadaye. Kikiwa hafifu, ukingo wake unayeyuka hata husemi kinaishia wapi, hapo ni pazuri, mlete mtu akae.

Akae vipi? Kwanza mwambie alitazame dirisha moja kwa moja, kisha ageuze mwili taratibu mpaka upande mmoja wa uso uanze kuwa na kivuli chepesi. Simamisha hapo, ni kama nusu ya pembe ya mraba. Akigeuka zaidi mpaka dirisha liwe ubavuni kabisa, mwanga unapita juu ya ngozi kwa kuisugua, na makovu ya chunusi yanasimama kama vichuguu uwandani. Nusu nyingine ya uso inakuwa giza. Kama giza hilo bado linakusumbua, tandika shuka jeupe au kanga nyeupe kwenye kiti upande wa pili, karibu kadiri fremu inavyoruhusu. Litarudisha mwanga kwenye shavu. Kwa mwenye miwani, mwinamishe kichwa kidogo sana au mgeuze zaidi mpaka umbo la dirisha litoke kwenye vioo, kwa sababu kulifuta dirisha kwenye lenzi ya miwani ni kuchora jicho upya.

Sasa, dirisha lipi? Ushauri wa zamani wa Ulaya ni dirisha la kaskazini, kwa kuwa jua la kwao halipiti upande huo. Kwetu ushauri huo unafaa miezi kadhaa tu. Tanga iko nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia wiki ya kwanza ya Machi hadi wiki ya kwanza ya Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na dirisha lenye kivuli ni la kusini. Miezi iliyobaki ni kinyume chake. Dar es Salaam tarehe zinasogea siku chache tu. Nairobi iliyo karibu zaidi na ikweta, mgeuko huja katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Asiyetaka kukumbuka kalenda akumbuke hivi: asubuhi tumia dirisha la magharibi, alasiri tumia la mashariki. Unachotaka ni dirisha linaloona anga lakini halioni jua.

Jua likiingia moja kwa moja, nondo za dirisha zitachora mistari usoni, na mistari hiyo sijawahi kuifuta nikaridhika. Jua lisipoingia, nondo zilezile hazionekani kabisa. Pazia jeupe jembamba linasaidia kidogo kama huna dirisha jingine.

Rangi ndiyo inayosahaulika. Madirisha mengi ya alumini ya siku hizi yana vioo vya bluu au kahawia, navyo vinaipaka ngozi rangi hiyo. Telezesha kioo, acha wazi. Ukuta wenye rangi ya mafuta ya kijani hurudisha kijani kwenye shavu lililo karibu nao, sogeza kiti. Na zima taa. Ninajua inaonekana ni ajabu kuzima taa ili kupiga picha, lakini taa ya ndani mara nyingi ina umanjano na anga ina ubluu, na zikichanganyika unapata shavu moja la manjano na jingine la buluu. Ukirekebisha moja, la pili linazidi kuharibika. Hiyo ndiyo picha ninayoiogopa kuliko ya pua.

Kidole juu ya uso

Mteja mwingine huja na picha ambayo umbali ni sawa na dirisha lipo, lakini dirisha liko nyuma ya mgongo, au mtu amesimama mbele ya ukuta mweupe uliopigwa na jua. Uso umekuwa mweusi tii. Simu hupima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga wa picha yote, na ngozi nyeusi ndiyo inayolipa. Filamu za rangi nazo zilikuwa na upofu wa namna hii. Katika miaka ya 1950 maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley, na ngozi zetu zikatoka zimepoteza sura. Simu za sasa ni bora zaidi, lakini bado zinahitaji kuambiwa nani ni muhimu.

Gusa uso kwenye skrini. Kwenye iPhone ukishikilia kidole mpaka maandishi AE/AF LOCK yatokee, kipimo kinakaa hapohapo hata mtu akisogea; simu nyingi za Android nazo hufunga kwa kushikilia. Kisha telezesha alama ya jua juu au chini mpaka uone umbo la mashavu. Ukiacha uso gizani na kusema utaung'arisha baadaye, utaung'arisha pamoja na chenga, na ngozi ya kahawia itageuka rangi ya majivu. Kuna mpaka upande wa pili pia. Kanzu nyeupe ikizidiwa na mwanga hadi nyuzi zake zisionekane, hakuna programu itakayozirudisha, kwa sababu pale hapakurekodiwa kitu. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe juani ni mtihani ambao simu mara nyingi inafeli. Msogeze kivulini, mbele ya ukuta usio mweupe, na vyote viwili vinaingia.

Kabla ya yote hayo futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba. Simu inalala mfukoni, inashikwa na mikono yenye mafuta, na ukungu unaoonekana kwenye picha za wengi ni hayo mafuta. Zima pia ule urembeshaji wa kamera ya mbele. Ukilainisha ngozi wakati wa kupiga, vinyweleo vimepotea moja kwa moja na mimi sina pa kuvitoa.

Sebule ya bibi

Mwaka 2024 binamu yangu alinitumia picha ya Idi ya familia iliyopigwa nyumbani kwa bibi, Pangani, akaomba niitengeneze ichapishwe kubwa ya kutundika. Watu tisa. Sebule ni ndogo, kwa hiyo aliyepiga alijibana kwenye kona mita moja na nusu mbele yao, lenzi ikiwa pana kabisa. Walikuwa wamelipa mgongo dirisha. Taa ya dari iliwashwa "ili paonekane". Nilifanya kazi ile kwa jioni mbili. Niling'arisha nyuso tisa moja moja, nikapambana na manjano upande mmoja na buluu upande wa pili, nikambana shangazi wa kulia na nikashindwa na mkono wake. Bibi alikuwa mbele katikati, kichwa kikubwa kuliko vya wanawe waliosimama nyuma. Picha ilichapishwa. Kila ninapoingia sebule ile naiona, na naona kila nilipogusa.

Idi ya kuchinja ya Juni 2025 nilikuwepo mwenyewe. Nilifika saa nne asubuhi, nikazunguka nyumba kabla sijasalimia wote. Juni jua liko kaskazini, na nyumba ina kibaraza upande wa kusini, chini ya paa la mabati lililotokeza. Nilinyoosha kiganja na kidole pale kibarazani. Kivuli kiliyeyuka. Ua mbele ya kibaraza ni wa mchanga mweupe, nao ulikuwa unarudisha mwanga kutoka chini, ukiingia hadi kwenye macho. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga watu wake wengi uani kwa mwanga wa mchana namna hii, shuka la kitandani likiwa pazia la nyuma, na ngozi kwenye picha zake hadi leo zinaonekana kama unaweza kuzigusa.

Niliwakalisha wanne kwenye mkeka na viti vya chini, watano nyuma yao wamesimama karibu kadiri walivyoweza, ili pengo la mistari miwili lisizidi nusu mita. Nilitoka uani mpaka mita nne na nusu, nikaegemeza simu kwenye kinu kilichowekwa juu ya meza, nikaacha nafasi tupu pande zote mbili. Mjomba aliuliza kwa nini naenda mbali hivyo, nyuso hazitaonekana. Nilimwonyesha baada ya kukata na akanyamaza. Niligusa uso wa bibi, nikafunga kipimo, nikakishusha kidogo kwa ajili ya kanzu za wanaume wawili. Nilipiga mfululizo picha 12, kwa kuwa kwenye watu tisa kuna mmoja anayefumba macho kila mara, na kufungua jicho lililofumbwa ni kazi ambayo nisingependa kuirudia.

Kisha nikamwomba bibi tuingie ndani. "Mjukuu wangu, mimi nimeshapigwa, inatosha," alisema, lakini akaja. Nilizima taa, nikatelezesha kioo cha dirisha la kusini, nikamweka kwenye kiti mita moja kutoka dirishani, amegeuka nusu. Kanga yake nyingine, yenye weupe mwingi, niliitundika kwenye mgongo wa kiti upande wa gizani. Nilisimama mita mbili, kwenye 2x. Alianza kunisimulia habari ya mnazi ulioanguka, na nikapiga akiwa katikati ya sentensi.

Dukani, picha ya familia niliikata na kuinyoosha kidogo, kwa kuwa meza ilikuwa imeinama. Niliondoa ndoo ya plastiki iliyoingia pembeni. Kwenye picha ya bibi niliondoa unyuzi mmoja wa kanga uliokuwa shavuni. Kovu la utotoni juu ya nyusi yake ya kushoto nililiacha, nililiuliza kwanza kwake kwa simu naye akacheka akasema watoto wake wote wamelijua hilo kabla ya kujua jina lake. Mikunjo nayo niliiacha. Kwenye mwanga ule ilikuwa mikunjo tu, si mifereji. Saa ya ukutani ilionyesha kuwa kazi ya picha zote mbili ilichukua dakika 11. Kilichochukua muda zaidi ni kumsubiri binamu anitumie faili lenyewe kwa WhatsApp kama "Document", kwa sababu mara ya kwanza alinitumia kama picha ya kawaida na ikafika imepunguzwa.

Usiku dirisha halina msaada, na sherehe nyingi ni za usiku. Ninachofanya hapo ni kumgeuza mtu aipe uso taa badala ya kukaa chini yake, na kama kuna ukuta mweupe karibu, taa ya mezani ielekezwe ukutani, uso uutazame ukuta. Mwanga unakuwa mpana kiasi. Unakuwa pia hafifu, simu inachukua muda mrefu kupiga, na mtoto akitikisika anatoka na ukungu usiofutika. Kwa watoto nasubiri asubuhi.

Yule dada wa maombi ya kazi alirudi wiki mbili baadaye kuchapisha picha ileile ya mlangoni, nakala nne, moja ya mama yake. Hakutaja pua.